Saa ya Kunde

"Nipe ufunguo wa tangi," Daktari Ndolo alisema.

Syombua alikuwa ameinama bombani akinawa udongo mikononi. Hakuharakisha. Aliosha kidole kimoja kimoja, akajipangusa kwenye koti lake la kazi, ndipo akainuka na kumtazama mkubwa wake usoni.

"Sitautoa, Daktari. Kamati ikishakuja na kuondoka, utaupata."

Hemedi, fundi wa maabara, alikuwa anakuja na ndoo ya maji. Aliposikia hayo aliona heri arudi alikotoka, akageuka na ndoo yake bila kumwaga tone. Kwa miaka yote aliyofanya kazi katika kituo kile cha utafiti, hakuwahi kusikia mtu akimkatalia Daktari Ndolo jambo, tena mchana kweupe, tena mwanamke aliyeajiriwa juzi tu kutoka chuo kikuu.

"Unajua ninaweza kukuandikia barua ya uhamisho leo hii," Ndolo alisema kwa sauti ya chini.

"Najua. Iandike. Lakini barua haifungui tangi."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kunde.

Kituo kilikuwa kwenye tambarare kavu kati ya Emali na Kasikeu, mahali ambapo ng'ombe hujua kuchimba mchanga wa mto kwa kwato wapate maji. Mwaka uliotangulia, mwaka wa themanini na nne, mvua zilikataa kabisa. Watu wa Makueni walikula mahindi ya manjano ya msaada, na kabla ya msaada kufika walikuwa wamekwisha kula mbegu zao. Mama mzima, anayejua fika kwamba mbegu ni ya kupanda, huiweka sufuriani akiwa ameuma meno. Mama yake Syombua alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo sasa, mvua za mwisho wa mwaka wa themanini na tano zikisubiriwa, kila mtu alikuwa akiuliza swali moja: mbegu zitatoka wapi?

Jibu la Daktari Ndolo lilikuwa Namba Tisa.

Ndolo hakuwa mtu mbaya. Alizaliwa Kikima, milimani kule Mbooni, na alikuwa amezika jamaa zake katika ukame wa zamani. Alikuwa ametumia sehemu kubwa ya utu uzima wake akitafuta kunde isiyopoteza maji ovyo. Jani la kunde, kama jani lolote, lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, stomata. Kupitia vitundu hivyo mmea huvuta hewa ya kujitengenezea chakula, na kupitia hivyo hivyo maji yake huponyoka. Mmea unaovifungua sana hula vizuri lakini hukauka haraka. Ndolo alikuwa na aina kadhaa za kunde zilizopandwa kwenye mikebe, na chombo cha kubana jani na kupima vitundu vimefunguka kiasi gani. Wao walikiita poromita. Ili jua na mawingu visimdanganye, alipimia ndani ya banda lenye taa: taa zilezile, maji yaleyale, joto lilelile, kutoka mkebe wa kwanza hadi wa mwisho. Alianza na Namba Moja watu wakitoka kunywa chai ya asubuhi, akamalizia na Namba Tisa jua likiinama. Kila alipopima, Namba Tisa ilikuwa imebana vitundu vyake kuliko zote. Ndolo aliwaambia watu kwamba hiyo ndiyo kunde yenye akili.

Magunia ya Namba Tisa yalikuwa yamejaa stoo. Kamati ya mbegu kutoka Nairobi ilikuwa inakuja kuipitisha, na baada ya hapo ingegawiwa kwa vikundi vya akina mama. Kikundi cha kwanza kilikuwa cha kanisa la Kasikeu, na mwenyekiti wake alikuwa mama yake Syombua.

Huko ndiko Syombua alikokuja kutia mguu.

Ilianza na jenereta. Iliharibika Ijumaa, na Hemedi, akiogopa mbuzi, aliingiza mikebe yote kwenye stoo ya mabati, akafunga mlango na kuziba nyufa kwa magunia. Banda la taa lilikuwa halina maana bila taa. Jumatatu asubuhi Syombua alikwenda kuitoa. Aliposukuma mlango, alisimama pale pale. Mle ndani mlikuwa na giza kama chunguni, lakini majani yote yalikuwa yametandazwa wazi, kama mikono ya mtu anayepokea sahani. Kunde huwa zinalala. Jioni majani yake huinama chini yakaning'inia, asubuhi yakainuka. Hizi hazikuwa zimeona mwanga tangu Ijumaa, na zilikuwa macho.

Alirudisha mlango. Jioni alirudi na tochi aliyoifunga karatasi ya kijani, kwa kuwa mwanga hafifu wa kijani hauushtui sana mmea. Zilikuwa zimelala.

Kujikunja kwa majani hakukumshangaza sana. Alikuwa amesoma chuoni kwamba mimea fulani, ukiifungia kabatini, huendelea kulala na kuamka, na kwamba watu wamelijua hilo tangu zama za mababu wa mababu. Kilichomnyima raha ni vitundu. Kama jani lina saa yake ya kuinuka, je, vitundu navyo? Alichukua poromita akazibana zile kunde mle gizani, asubuhi na jioni. Asubuhi vilikuwa vimefunguka. Si sana kama vinavyofunguka juani, la. Kidogo tu, kama mlango ulioachwa kwa kuegemezwa. Jioni vilikuwa vimefunga ndi. Kesho yake tena vivyo hivyo, giza likiwa lile lile.

Syombua aliketi juu ya gunia la mbolea, na mawazo yake yakaenda moja kwa moja kwenye banda la taa. Namba Moja asubuhi. Namba Tisa jioni. Kila mara.

Alipompelekea Daktari Ndolo habari hiyo, Ndolo alicheka kwa upole kama mtu anayemsikiliza mtoto.

"Majani kulala, sawa. Huo ni mchezo wa kunde na jamaa zake. Lakini stomata ni milango, na anayeisukuma ni mwanga. Mwanga ukiingia inafunguka, mwanga ukitoka inafungwa. Ndiyo maana nikaweka taa. Chini ya taa hakuna asubuhi wala jioni."

"Kwako hakuna, Daktari. Kwa mmea ipo."

"Inakaa wapi hiyo saa? Nionyeshe mishale yake."

"Haina mishale. Iko ndani ya chembe hai zenyewe za mmea. Angalia, jani linainuka kwa nini? Pale linapoungana na kikonyo kuna kifundo kinene. Chembe za upande mmoja zinavuta chumvi ya potasiamu, maji yanafuata chumvi, zinavimba. Za upande wa pili zinanywea. Stomata nazo ni chembe mbili tu zinazovimba na kunywea kwa chumvi ile ile na maji yale yale. Kama saa inaamuru kifundo, kwa nini isiamuru kitundu? Taa inabisha hodi, lakini jioni aliye ndani anakuwa ameshaanza kufunga. Ukipima Namba Tisa jioni, unapima jioni, hupimi Namba Tisa."

Ndolo hakucheka tena. "Stoo ya mabati," alisema. "Asubuhi jua linapiga bati, stoo inapata joto. Na bati lina matundu ya misumari. Mwanga umeingia, joto limeingia, wewe unaniambia saa. Usiguse poromita bila ruhusa yangu."

Katika yote aliyosema, hilo la bati lilikuwa kweli, na Syombua alijua ni kweli. Lilimuuma usiku kucha. Kama anataka kumpinga mtu wa umri ule na kazi ile, haifai awe na tundu hata la msumari.

Nyuma ya kituo kulikuwa na tangi la zege lililochimbwa ardhini, la kuvunia maji ya mvua. Lilikuwa limepasuka chini katika ukame, na sasa halikuwa na kazi ila kuhifadhi mijusi. Syombua na Hemedi waliliziba nyufa kwa saruji. Kwenye mdomo waliweka mfuniko wa chuma, juu yake magunia, juu ya magunia udongo, wakabakiza pahali pa kuingilia penye kifuniko cha kufuli na mapazia mawili mazito, ili mtu alifunge la nyuma kabla ya kufungua la mbele. Aliingia mchana wa jua kali, akaketi mle mpaka macho yakazoea, akatafuta hata uzi mmoja wa mwanga. Hakuuona. Kipimajoto alichokiacha ndani hakikuonyesha tofauti ya maana kati ya mchana na usiku.

"Madam," Hemedi alimwambia wakitoka, "mimi nina watoto Kitui. Daktari akiuliza nani alichanganya saruji?"

"Mwambie ni mimi nilikuamuru."

"Umeniamuru?"

"Nakuamuru sasa."

Hemedi alifikiri kidogo. "Basi ningependa na amri ya kubeba mikebe," alisema, "maana hiyo ndiyo nzito."

Lakini giza safi halikumtosha. Alijua Ndolo atasema kuna kitu kingine kinachopenya: joto dogo lisilopimika, pumzi za watu, hata mtikisiko wa treni ya Mombasa. Ndipo akapata wazo ambalo baadaye alilionea fahari kuliko cheti chake cha chuo. Aligawa kunde mafungu mawili. Fungu moja, lililofungwa utepe mweupe, alilikuza kwa mchana wa kawaida. Fungu la pili, la utepe mwekundu, alilikuza kinyume: mchana liko gizani, usiku linawashiwa taa, maana jenereta ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Baada ya wiki mbili hivi majani ya fungu la pili yalikuwa yamezoea kuinuka watu wanapokwenda kulala. Kisha akayashusha mafungu yote mawili tangini, mkebe kando ya mkebe, giza moja, hewa moja. Kama kuna kitu cha nje kinachoziamsha, kitaziamsha zote pamoja.

Hazikuamka pamoja. Fungu la kwanza lilipotandaza majani, la pili liliyaning'iniza. La pili lilipotandaza, la kwanza lililala. Na vitundu, alivyovipima kwa siri kwa poromita, vilifuata mkondo huo huo. Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo Syombua alilipenda zaidi kwa sababu hakulipanga: kila siku zilikuwa zinachelewa kidogo. Saa yao, ikiachwa peke yake, ilikuwa na siku ndefu kuliko siku ya jua. Kama zingekuwa zinaiba mwanga kupitia ufa, zingeamka na jua kila siku, bila kuchelewa. Lakini zilikuwa zinaachana na jua polepole, kama mtu mwenye saa mbovu ambaye hana redio ya kuirekebishia. Huko nje jua ndilo huirekebisha kila alfajiri. Tangini hakukuwa na jua, kwa hiyo saa ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe.

Jumapili alipanda kwenda Kasikeu. Mama yake, Kalunde, alikuwa ametoka kanisani na hakuwa na uso wa Jumapili.

"Nimesikia ni wewe unayezuia mbegu," alisema kabla hata ya salamu kuisha.

"Nani amekwambia, mwaitu?" Syombua aliuliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Wanawake wote wananiambia. Wanasema binti wa mwenyekiti amefungia kunde shimoni, anasema Namba Tisa haifai."

"Sijasema haifai. Nasema haijapimwa vizuri. Watawaambia hii inavumilia jua. Mtapanda mashamba yote kunde hiyo moja. Kama si kweli, mtakauka wote kwa pamoja, siku moja."

Kalunde alivua kitambaa cha kichwa akakikunja. Mwaka wa njaa ulikuwa umemkondesha mashavu na hayakuwa yamerudi. "Syombua. Mimi nilipika mbegu. Unajua nilivyokoroga ile sufuria? Mvua inakuja. Mtu mwenye mkono mtupu huuliza mbegu imepimwa saa ngapi? Tupe tupande."

"Kuna kunde za kina Muthoki, wale wakulima wa Kikima waliohifadhi mbegu za kienyeji. Nunueni hizo mchanganye."

"Za kienyeji ndizo zilizokauka mwaka jana."

Hilo lilikuwa kweli, kwani mwaka jana kila kitu kilikauka. Syombua alimalizia uji wake. Alipokuwa anaondoka mama yake hakumsindikiza, na kwa Kalunde, ambaye alikuwa akimsindikiza hata muuza chumvi mpaka njia panda, hilo lilikuwa tusi kubwa. Syombua alirudi kwa miguu. Njiani alijiuliza mara nyingi kama ni ukweli anaoutetea au kiburi chake tu. Alipofika kituoni alikwenda tangini, akapenya mapazia, akawasha taa ya kijani. Fungu la kinyume lilikuwa limelala, na nje jua lilikuwa bado kali. Alizima taa. Kiburi kilikuwepo, ndiyo, lakini kunde hazikuwa zinalala kwa ajili ya kiburi chake.

Kesho yake ndipo Daktari Ndolo alipokuja kudai ufunguo pale bombani.

Kamati ilifika siku mbili baadaye kwa gari la serikali. Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Daktari Faki, mtu wa pwani mwenye mvi, mpole wa maneno, aliyesifika kwa kutopenda kuzungukwazungukwa. Ndolo aliwapitisha shambani, akawapeleka banda la taa, akawaonyesha michoro yake ukutani. Jina la Syombua halikutajwa. Wawakilishi wa wakulima walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kivulini, na Kalunde alikuwa mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Faki alipouliza kama kuna swali, Syombua alisimama.

"Ningependa kamati ijue Namba Tisa imepimwa saa ngapi."

"Keti," Ndolo alisema.

"Nitaketi nikimaliza. Imepimwa jioni. Kila mara jioni, na nyingine zote kabla yake. Daktari anaamini chini ya taa saa haina kazi. Mimi nina kunde tangini ambazo hazijaona mwanga siku nyingi, na zinajua saa."

Watu wa kivulini walinong'onezana. Mmoja wa kamati alitabasamu. Ndolo alisema kwa adabu, lakini shingo yake ilikuwa imesimama, "Ni kijana wetu, ana bidii. Tangi lenyewe ni bovu, linaingiza mwanga. Nisingependa kuwapotezea muda."

Faki hakutabasamu wala hakukunja uso. "Kama linaingiza mwanga, tutauona. Binti, kabla hujatupeleka, niambie. Sasa hivi nikifungua, nitakuta nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki kuliko yote, na Syombua alilishukuru moyoni. Alichukua chaki, akapiga hesabu kwa sauti wote wakisikia: zimechelewa kiasi gani kila siku tangu ziingie, kwa hiyo asubuhi yao imefika wapi. Kisha akaandika kwenye mlango wa banda, mbele ya kila mtu: Mikebe yenye utepe mweupe iko macho. Yenye utepe mwekundu imelala.

"Na nikikuta sivyo?" Faki aliuliza.

"Namba Tisa ipite, na mimi nifukuzwe."

Kalunde kwenye benchi aliinua macho.

Walishuka wawili wawili, kwa kuwa mapazia hayakuruhusu zaidi. Faki na Ndolo walikuwa wa kwanza, Syombua akiwa mbele yao. Alifunga pazia la nyuma, akafungua la mbele, akawaambia wakae kimya mpaka macho yazoee. Walikaa. Ndolo aligeuza kichwa huku na huku akitafuta ufa, na Syombua alisikia kola yake ikisugua. Hakukuwa na ufa. Ndipo akawasha taa ya kijani.

Mikebe ya utepe mweupe ilikuwa imetandaza majani. Ya utepe mwekundu, iliyosimama katikati yake ikigusana nayo bega kwa bega, ilikuwa imeyaning'iniza. Mkebe mmoja wa utepe mweupe ulikuwa umelegea tu, haujulikani uko macho au umelala.

"Na huu?" Faki aliuliza.

"Huo unakufa," Syombua alisema. "Hazina mwanga, hazijitengenezei chakula. Zote zimedhoofika, na mwendo wao unapungua kila siku. Nikiziacha tangini zitanyamaza kabisa. Sikuuficha, nimeuacha muone."

Faki alimwomba apime vitundu. Hemedi alipitisha poromita kupitia mapazia kwa mkono wa mtu anayepitisha mtoto mchanga. Jani la utepe mweupe likabanwa, kisha la utepe mwekundu. Faki alisoma mwenyewe, akarudia, akabadilisha mikebe bila kumwambia Syombua ni ipi. Kisha akampa Ndolo chombo. Ndolo alibana jani moja, akasoma. Akabana jingine. Alikaa na chombo mkononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Zina hewa moja," alisema mwishowe, kama anayejisemea.

"Hewa moja," Syombua alijibu.

Walipotoka, Faki alitaka jambo moja zaidi. Jua lilikuwa bado halijapanda sana. Alitaka Namba Tisa ipimwe bandani saa ile ile, kabla ya nyingine zote. Ndolo hakukataa, na Syombua aliona ilivyomgharimu kutokukataa. Alipima kwa mkono wake mwenyewe. Vitundu vya Namba Tisa vilikuwa vimeachama kama vya kunde nyingine yoyote.

Hakuna aliyepiga makofi. Faki alisema tu kwamba mbegu haitapitishwa kama kunde ya ukame, na kwamba aina zote zipimwe upya, zote kwa saa moja, watu wengi wakipima pamoja. Magunia ya Namba Tisa yangeweza kugawiwa, lakini kama kunde ya kawaida, na wakulima waambiwe hivyo wazi, wachanganye na zao za kienyeji.

Kalunde alimfuata bintiye kando ya ua. Hakuonekana kufurahi.

"Ungefukuzwa," alisema.

"Ningefukuzwa."

"Kwa ajili ya majani kulala."

"Ili msipande jina tu, mwaitu."

Mama yake aliutazama ule mlango wenye chaki, ingawa hakujua kusoma vizuri. "Mimi bado nimekukasirikia," alisema. "Nitachukua gunia la Namba Tisa, na nitamtafuta huyo Muthoki wa Kikima. Lakini usinitumie salamu mpaka nipoe." Akaenda zake, na baada ya hatua chache akasimama kusubiri asindikizwe mpaka barabarani. Syombua alimsindikiza.

Barua ya uhamisho ilitoka wiki iliyofuata. Kitui, kituo kidogo kisicho na banda la taa. Pamoja nayo Ndolo alimletea karatasi ya pili ya kutia sahihi, isemayo kwamba matokeo ya tangi hayakuwa ya uhakika kwa kuwa jengo lilikuwa na kasoro.

"Ni kwa ajili ya taarifa ya mwaka," alisema. Hakumtazama. "Usipotia sahihi, nitaandikaje kwamba kazi yangu yote ilipimwa saa isiyofaa?"

"Andika hivyo hivyo," Syombua alisema. "Daktari, hukudanganya. Ulipima kwa uaminifu. Kosa ni kudhani mmea unangoja taa yako ili ujue kumekucha. Hata mimi ningedhani. Lakini kuwa tangi lilivuja, hilo ni uongo, na sitalitia jina langu."

"Utaharibu maisha yako kwa ukaidi."

"Labda. Lakini Kitui nako kuna kunde."

Ndolo aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Syombua hakuwahi kujua kama aliichana au aliipeleka hivyo hivyo bila sahihi. Alichojua ni kwamba Ndolo alizipima zile kunde upya, zote kwa saa moja, kama alivyoagizwa, na kwamba majibu aliyoyatoa hayakumpendelea. Namba Tisa ilikuwa ya katikati. Iliyoshinda ilikuwa Namba Mbili, ambayo miaka yote ilikuwa ikipimwa asubuhi na kuonekana mpotezaji wa maji. Mbegu zake zilikuwa zimebaki kopo moja tu, kwani hakuna aliyeona haja ya kuzizidisha.

Hemedi, alipokwenda nyumbani Kitui kwa likizo, ndiye aliyemletea Syombua habari hiyo pamoja na nusu ya kopo. Ndolo mwenyewe ndiye aliyezipima kwa kiganja, Hemedi alisema, na hakutuma neno lolote.

Syombua alizipanda nyuma ya kituo chake kipya, kwenye udongo mwekundu ambao mkuu wa kituo alimwambia haufai kitu. Hakukuwa na taa, hakukuwa na jenereta, poromita ilikuwa moja ya kuazimana. Mkuu wa kituo, mzee mmoja aliyebakiza muda mfupi astaafu, alimkuta alfajiri akiwa amechuchumaa kwenye mistari, kabla jua halijatoka kabisa.

"Wewe ndiye yule wa tangi," mzee alisema. "Nimeambiwa nikuangalie usilete fujo. Unafanya nini hapa hata hakujapambazuka?"

"Nazitazama zinavyoamka."

Majani yalikuwa tayari yameanza kuinuka kwenye giza lile la mwisho, moja hapa, moja kule.

"Na leo nitazipima asubuhi, mchana na jioni," Syombua aliongeza, akikaza mkanda wa poromita begani, "na kesho vivyo hivyo. Kama una barua ya kunizuia, mzee, iandike mapema, maana nikishaanza sisimami."

Mzee aliyainamia majani, mikono nyuma. Kisha akauliza ni mstari upi aanze kuutazama yeye.